Namba moja, kazi moja: kuipasua aya ya ORS

Aya hii inafanana na nyingi zinazobandikwa kwenye kuta za zahanati huku kwetu Kigoma. Nililetewa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wa upande wa Kibirizi, waliotaka tuigeuze pamoja iwe hatua zenye namba:

> Mtoto anayeharisha apewe mchanganyiko wa ORS ambao hutayarishwa kwa kutia pakiti moja ya dawa katika lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupozwa, kwenye chombo kisafi chenye mfuniko, baada ya mtayarishaji kunawa mikono kwa sabuni, na ikorogwe mpaka iyeyuke. Apewe kidogo kidogo kila anapoharisha, na akitapika isubiriwe dakika 10 kabla ya kuendelea. Isitumike baada ya saa 24. Aendelee kunyonya na kula, apewe vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuharisha kumekoma, na apelekwe haraka kituo cha afya endapo atashindwa kunywa, atatapika kila kitu, atapoteza fahamu au atakuwa na damu kwenye choo.

Kitabibu haina kosa. Mtu aliyezoea kusoma ataipitia mara moja na kusema ameelewa, na kweli atakuwa ameelewa. Lakini karatasi hii haisomwi na mtu aliyekaa kitini. Inasomwa na mtu ambaye mtoto wake amelegea mgongoni, maji yako ndooni, na usiku unaingia. Mwambao huu wa Ziwa Tanganyika unaijua kuhara ya kuua: mwezi Mei 2015 kipindupindu kililipuka Kagunga, kijiji cha ufukweni karibu kabisa na mpaka, kilipokuwa kimefurika wakimbizi kutoka Burundi. Ndiyo maana naona karatasi ya namna hii inastahili kufanyiwa kazi neno kwa neno.

Mama mmoja anayeanika dagaa pale Kibirizi alikubali tumpe karatasi na pakiti, afanye mwenyewe bila sisi kufungua mdomo. Anasoma vizuri tu. Alianza mwanzo wa aya, akachukua jagi, akachana pakiti, akamwaga unga wote ndani. Kisha akarudi kwenye karatasi, kidole kikifuata mstari, kikafika kwenye "yaliyochemshwa na kupozwa" kikasimama hapo. Akainua uso.

"Dada, kumbe maji nilitakiwa niyachemshe kwanza? Mbona dawa nimeshaiweka?" Akafikiri kidogo. "Au nitie maji, halafu nichemshe vyote pamoja?"

Hapana, mchanganyiko wa ORS haupaswi kuchemshwa ukishachanganywa. Lakini yule mama alifanya sawasawa na alivyoelekezwa. Kazi ya kwanza ya mikono aliyokutana nayo kwenye ile aya ni kutia pakiti, naye akaitia. Kazi zilizotakiwa kutangulia zilikuwa mbele yake, zimejificha.

Maficho yenyewe ni haya. Aya inaposema "maji safi yaliyochemshwa na kupozwa", kwa sura inaeleza maji yalivyo, kama mtu anavyosema maji ya baridi au maji ya kisima. Kumbe ndani yake kuna kazi ya saa nzima na zaidi: kuteka, kuchemsha, kuepua, kufunika, kungoja. "Chombo kisafi" ni kazi nyingine, kwa sababu hakuna aliyekisafisha bado. "Chenye mfuniko" ni kitu cha kutafuta. Na "baada ya mtayarishaji kunawa mikono" imekuja mwishoni mwa sentensi ilhali inatakiwa kufanyika mapema. Kwa hiyo kazi zinazopaswa kutangulia zimesukumwa nyuma ya kazi ya kati, na nyingi zimevaa sura ya sifa.

Kwa sababu hiyo, nikiletewa aya sianzi na namba kamwe. Naanza na kalamu. Kwanza napigia mstari kila kitenzi ambacho mkono wa mtu unaweza kukifanya. Kisha, na hapa ndipo kazi kubwa ilipo, nazungushia duara kila neno linaloeleza kitu kilivyo: yaliyochemshwa, kilichooshwa, kisafi, iliyopimwa. Kila duara naliuliza swali moja: nani alikifanya kiwe hivyo, na lini? Kama jibu ni "kiwandani", sifa ibaki sifa. Unga wa ORS umepimwa kiwandani. Msomaji hana la kufanya. Kama jibu ni "msomaji mwenyewe, leo", hiyo si sifa tena, ni hatua, na lazima ipewe namba yake kabla ya hatua inayoitegemea. Kwenye aya hii mistari ya vitenzi ilinipa kazi chache, na duara zikaniongezea karibu kiasi kile kile.

Baada ya hapo natazama muda. Hapa wengi huharibu, kwa sababu wanakata kila sentensi na kuipa namba, moja hadi mwisho, kisha wanashangaa orodha haifuatiki. Aya yetu ina shughuli tatu, na kila moja ina muda wake. Kutayarisha mchanganyiko kunafanyika mara moja, kwa mfuatano, halafu kunakwisha. Kumnywesha mtoto ni kwa kutwa nzima, kunajirudia, na kunaamuliwa na mtoto mwenyewe: ameharisha, ametapika, amelala. Vidonge vya zinki ni mara moja kwa siku kwa siku 10 hadi 14. Ukiziweka kwenye orodha moja, namba 13 itasema "mpe kila anapoharisha" na namba 14 itasema "mpe zinki", naye msomaji hatajua kama zinki ingoje kuharisha kukome. Kwa hiyo kabla ya namba yoyote kuandikwa, aya inapasuliwa vipande vitatu, na kila kipande kinapata kichwa chake.

Na dalili za hatari? Hizo hazipewi namba kabisa. Kwenye aya zimekuja mwisho kabisa, baada ya zinki, mahali ambapo mtu mwenye mtoto aliyezidiwa huenda asifike. Mtoto aliyepoteza fahamu hangojewi maji yapoe. Kwa hiyo zinapanda juu kabisa, ndani ya kisanduku, kabla ya orodha ya kwanza: ukiona moja kati ya hizi, mpeleke kituo cha afya sasa hivi; kama anaweza kumeza, endelea kumnywesha ORS njiani ikiwa unayo tayari.

Sasa orodha yenyewe. Swali ninaloulizwa sana ni hili: kazi moja ni ipi? "Koroga" ni kazi moja, au kushika kijiko ni moja, kukitumbukiza ni ya pili na kuzungusha ni ya tatu? Kipimo ninachotumia ni mkono. Hatua inaishia pale ambapo mtu anaweza kusimama, akaenda kuitikia hodi mlangoni, akarudi na kukuta hakuna kilichoharibika. Ukishamwaga unga kwenye maji unaweza kusimama. Ukiwa katikati ya kuumwaga huwezi, kwa hiyo huko hakuna mpaka wa hatua. Kipimo hicho kinazuia pia kukata vipande vidogo mno, maana orodha yenye namba 30 za kushika na kuachia inamchosha msomaji kuliko aya aliyoikimbia.

Kila hatua inakaa na alama yake ya kumaliza. "Chemsha maji" haitoshi, maana mwingine ataepua yakianza kutoa mvuke tu. "Chemsha maji mpaka yatokote" bado ni kazi moja. Ile "mpaka" inamwambia aache lini. Alama iwe ya kuonekana kwa macho au kusikika kwa mkono. "Mpaka iyeyuke" niliibadilisha ikawa "mpaka usione chembe za unga chini ya jagi", kwa sababu mtu hukoroga mara tatu nne, akaona juu kumetulia, akaridhika, wakati unga umekaa chini.

Baada ya kuandika mara kadhaa na wale wahudumu, kipande cha kwanza kilikaa hivi:

Kutayarisha ORS

Uwe na: pakiti 1 ya ORS, sufuria yenye mfuniko, jagi lenye mfuniko, chupa tupu iliyoandikwa lita 1, kijiko, sabuni.

1. Osha jagi, chupa na kijiko kwa sabuni na maji safi.
2. Teka maji kwenye sufuria, yazidi lita 1 kidogo.
3. Chemsha maji mpaka yatokote.
4. Epua sufuria.
5. Acha maji yapoe sufuria ikiwa imefunikwa, mpaka ukiigusa ubavuni usisikie joto.
6. Nawa mikono kwa sabuni.
7. Jaza chupa ya lita 1 kwa maji yaliyopoa.
8. Mimina maji yote ya chupa kwenye jagi.
9. Mwaga unga wote wa pakiti kwenye jagi.
10. Koroga mpaka usione chembe za unga chini ya jagi. Usichemshe tena.
11. Funika jagi.
12. Andika saa uliyomaliza kukoroga.

Ukiangalia namba 7 utaona "maji yaliyopoa". Hiyo ni sifa, na nimeiacha kwa makusudi, kwa kuwa kazi yake imeshafanywa kwenye namba 5. Sifa inayorudi nyuma kwenye hatua iliyokwisha kufanyika haina madhara, na inasaidia, kwa sababu inamtambulisha msomaji ni maji yapi.

Kunawa mikono kumewekwa namba 6 na si namba 1, na hapo tulibishana. Mhudumu mmoja alisema usafi huanza mwanzo. Ni kweli, lakini kati ya kuteka maji na kukoroga unga kuna kuni, mkaa, sufuria nyeusi na mtoto wa kubadilishwa nguo. Mikono iliyonawiwa mwanzo haitakuwa misafi tena wakati inapohitajika. Aya ilisema "baada ya kunawa" bila kusema wakati gani hasa. Orodha haiwezi kukwepa swali hilo. Kila namba inakulazimisha uamue. Mara nyingi ukishindwa kuamua, ujue aya yenyewe haikuwa na jibu, na inabidi umuulize mwenye taaluma kabla ya kuendelea.

Chupa ilitupa shida kuliko yote. Aya inasema "lita moja" kana kwamba kila nyumba ina kipimo. Nyumbani kuna chupa za maji za dukani, na nyingi ni za nusu lita au lita moja na nusu. Mtu akisikia "jaza chupa", atajaza aliyonayo. Pakiti moja kwenye lita moja na nusu inatoa mchanganyiko mwepesi usiofanya kazi yake ipasavyo. Pakiti moja kwenye nusu lita ni hatari zaidi, kwa sababu chumvi inazidi, na chumvi ikizidi kwenye damu ya mtoto mdogo inaweza kumletea degedege. Kwa hiyo neno "lita 1" halitoshi kukaa kwenye sentensi. Linatakiwa kuwa kitu anachokiona kimechapishwa kwenye chupa aliyoshika. Kwa asiye na chupa ya lita 1 tuliweka mstari mmoja chini ya namba 7, bila namba: *Kama una chupa ya nusu lita, ijaze mara 2.* Huo ni mbadala, na mbadala ukipewa namba yake mtu ataufanya juu ya ile hatua ya kwanza, apate lita mbili.

Namba 12 ndiyo ninayoithamini kuliko zote, kwa sababu kwenye aya haikuwapo kabisa. Aya ilisema "isitumike baada ya saa 24". Katazo la namna hiyo linadai kazi mbili ambazo halizitaji: leo mtu ajue amemaliza saa ngapi, na kesho saa hiyo hiyo amwage kilichobaki. Bila kazi ya kwanza, ya pili haiwezekani. Kwa hiyo katazo lilikatwa likawa hatua mbili, moja mwisho wa kipande cha kwanza, nyingine mwisho wa kipande cha kunywesha: *Kesho ikifika saa uliyoandika, mwaga ORS iliyobaki.* Na lile "isitumike" lilikuwa na tatizo jingine. Ni nini kisitumike? Pakiti, dawa na ORS zote zinakubali kiambishi hicho hicho. Mama mmoja mwenye pakiti mbili kabatini alituuliza kama ile ya pili itakuwa imeharibika kesho. Ndani ya aya msomaji anaweza kukisia kwa kutazama sentensi iliyotangulia; hatua ikisimama peke yake, kinachotajwa lazima kitajwe kwa jina: unga, maji, jagi, ORS iliyochanganywa.

Kipande cha pili hakikukubali namba kwa urahisi, na nadhani ni vema kusema wazi kwamba si kila maelekezo yanageuka kuwa ngazi ya kupanda. Kumnywesha mtoto ni mambo ya "ikitokea hivi, fanya hivi". Kwenye aya, "akitapika isubiriwe dakika 10" imeshikamanishwa na "kila anapoharisha" kwa neno "na", kana kwamba kutapika ni lazima kutokee. Tuliandika kila tukio kwenye mstari wake, tukio likitangulia na kazi ikifuata:

Kumnywesha mtoto

Akiharisha, umri chini ya miaka 2: mpe robo hadi nusu kikombe kikubwa.
Akiharisha, umri miaka 2 hadi 10: mpe nusu hadi kikombe kizima.
Akitapika: subiri dakika 10, kisha mpe kijiko kimoja kila baada ya dakika 2 au 3.
Akitaka kunyonya: mnyonyeshe.

Hapo juu, mstari wa tatu una kazi mbili. Sikuzitenganisha, kwa kuwa zote zinatoka kwenye tukio moja na ya pili haina maana bila ya kwanza. Kanuni ya kazi moja kwa hatua inatawala pale mambo yanapofuatana. Penye matukio, kinachotawala ni tukio moja kwa mstari. Kikombe tulichokusudia ni cha mililita 200 hivi; wahudumu wanakionyesha kwa mkono wanapotoa karatasi, maana vikombe navyo ni kama chupa.

Palitokea pia suala la adabu. Mhudumu mmoja, mtu mzima, aliniambia kwamba "chemsha", "epua", "koroga" ni kumwamrisha mama wa watu, na yeye hawezi kumpa karatasi kama hiyo mkwewe. Nililipa uzito neno lake. Lakini "apewe", "ikorogwe" na "isubiriwe" zina adabu kwa sababu hazimsemeshi mtu yeyote, na msomaji anabaki kujiuliza kama ni yeye au ni nesi atakayefanya. Tukakubaliana heshima ikae juu, mara moja: *Mama, baba au mlezi, tunaomba ufuate hatua hizi.* Baada ya hapo vitenzi vinakwenda vitupu. Alipomsomea bibi mmoja kwa sauti, hakusikia ukali tena.

Kusoma kwa sauti ndiyo hali halisi ya nyumba nyingi hapa. Bibi ndiye mwenye mtoto jikoni, mjukuu wa darasa la tano ndiye mwenye karatasi mlangoni, na kila mstari anautia Kiha kabla ya kuutoa. Aya ile hakuna mtoto wa darasa la tano atakayeigeuza akiwa amesimama; atachukua maneno mawili matatu aliyoyashika, mengine ayaache. "Epua sufuria" anaigeuza bila kufikiri. Namba nazo zinafanya kazi ambayo nukta haiwezi: bibi akiitwa nje na kurudi, anauliza "tulifika ngapi?", mjukuu anajibu "saba", na wanaendelea.

Kipande cha tatu, cha zinki, ni kifupi kuliko vyote, na bado tunakifanyia kazi. Dozi inategemea umri: mililigramu 10 kwa siku kwa mtoto wa chini ya miezi 6, na mililigramu 20 kwa aliyetimiza miezi 6 na kuendelea. Kidonge kinachotolewa sana ni cha mililigramu 20, kwa hiyo mdogo anapata nusu, na kukata kidonge katikati ni kazi inayotaka hatua yake. Shida kubwa iko kwenye "hata kama kuharisha kumekoma", maana siku ya tatu mtoto anacheza na hakuna hatua itakayomkumbusha mama. Tumejaribu kuweka visanduku 10 vya kuwekea alama ya vema, kimoja kwa siku, na juu yake sentensi moja: *Weka alama kila ukishampa kidonge.* Mhudumu atajaza kisanduku cha kwanza yeye mwenyewe, mbele ya mama, wakati wa kumkabidhi karatasi, na kama kituo kimemwandikia mtoto siku 14, ataongeza visanduku 4 kwa kalamu hapo hapo.